Picha ya karatasi imeingia wasap bila neno hata moja: nilivyojifunza kuuliza kwanza

Nina kaduka ka steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kutoa kopi, kuchapa, kuskani, laminesheni, hayo ndo mambo yangu. Sasa wateja wengi siku hizi hawaji, wanapiga picha karatasi wanatuma wasap halafu kimya. Hakuna shikamoo, hakuna "naomba unichapie". Picha tu, na tiki mbili.

Yule mama wa dagaa wa Katonga ndo alinifundisha. Usiku saa tatu ikaingia picha ya ukurasa wa kaunta buku, umechorwa kwa peni ya bluu. Juu kaboksi kameandikwa M/KITI, chini yake KATIBU na MHAZINI, chini tena maboksi matatu ya ununuzi, kuanika na mauzo, halafu chini kabisa boksi refu limeandikwa WANACHAMA 18. Nikajua tu hapa kuna mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ambayo wanawake wanapata 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, maana vikundi vikianza kuhangaika na muundo wa uongozi mara nyingi ni kwa ajili ya hiyo.

Kulikuwa na mstari mmoja wa ajabu. Umetoka kwa MHAZINI ukazunguka pembeni kabisa mwa karatasi, ukapita nje ya maboksi yote, ukashuka mpaka kwa WANACHAMA, na umepitishwa peni mara mbili mpaka karatasi imebonyea. Mimi nikasema huyu mama alikosea akajaribu kurekebisha, basi nikafungua Word nikaenda Insert kisha SmartArt kisha Hierarchy, nikajaza majina, nikaweka rangi ya kijani, ikatoka safiii kama ya wizarani. Ule mstari sikuuweka. Na hata ningetaka nisingeweza, kwa sababu chati ya SmartArt inaruhusu kila boksi kuwa na bosi mmoja tu, ukitaka mtu awajibike sehemu mbili yenyewe haina nafasi hiyo, kwa hiyo kompyuta na mimi tulikubaliana kumfuta mtu mstari wake bila yeye kujua.

Nikatuma. Kimya mpaka kesho yake mchana, ndo ikaja sauti, upepo wa ziwani unavuma nyuma: "Mwanangu, kazi nzuri, ila ule mstari wetu umeuweka wapi?"

Nikampigia. Shikamoo mama, marahaba, akaanza kunieleza. Mwenyekiti aliyepita alikuwa anashika daftari la hela yeye, mhazini jina tu, mwisho wa siku hela ya chumvi na usafiri haikueleweka imekwenda wapi. Walipochagua upya wakakubaliana mhazini asome daftari mbele ya wanachama wote kila Jumamosi, asipitie kwa mwenyekiti kwanza. Ule mstari ndo makubaliano yenyewe! Peni ilipitishwa mara mbili kwa sababu walikuwa wanakazia, wala hakuna aliyekosea. Yani mimi nimesafisha mchoro nikawarudishia utaratibu uleule walioukataa.

Nikauliza sasa swali ambalo ningeuliza jana usiku: mama, unataka niichape kama ilivyo, au niiangalie kama imekaa sawa, au ni ya kupeleka ofisini? Akacheka, akasema kama ilivyo tu, wanataka kuibandika ukutani pale wanapokutana, ya ofisini bado hawajafika huko. Hapo nilikuwa nimeshapoteza lisaa lizima kwenye rangi.

Safari hii niliichora upya kwa Insert, Shapes, nikachagua New Drawing Canvas kwanza. Hii wengi hawaijui: kwenye Word mishale haishiki kwenye boksi mpaka uwe ndani ya hiyo canvas, nje yake ukisogeza boksi mstari unabaki pale pale unaning'inia. Ndani ya canvas mstari unanasa kwenye ukingo wa boksi na unafuata. Ule mstari wa mhazini nikauzungusha pembeni kama alivyochora, mnene kuliko mingine.

Ila kuna kitu kiliniwasha. Juu kabisa ameweka mwenyekiti, na wanachama wako chini kama vile ndo wadogo. Vikundi vingi ambavyo nimewachapia katiba, mkutano mkuu wa wanachama ndo unakaa juu, viongozi wanatoka humo. Sikukirekebisha. Nikatuma kazi yake kama alivyotaka, halafu mesiji nyingine peke yake: "Mama, mkija kuandaa ya ofisini angalieni katiba yenu inasema nani yuko juu, hapa mmeandika mwenyekiti." Nilivitenganisha makusudi, kwa sababu ukichanganya kazi na maoni mtu hajui kipi amelipia na kipi unamkosoa. Ya ofisini siigusi bila kuona katiba, maana afisa maendeleo ya jamii akiona chati inasema hivi na katiba inasema vile, kitakachorudishwa ni faili zima.

Tangu hapo naangalia mchoro kabla sijagusa mausi. Karatasi iliyopigwa rula, maboksi sawasawa, hiyo mara nyingi mtu ameshaamua, anataka ichapwe. Yenye kufutwafutwa, alama ya kuuliza, au mshale umeanza ukaishia hewani, huyo bado anafikiria. Mstari wa nukta nukta ndo mtego, maana kwenye chati za maofisini unamaanisha mtu anawajibika pia upande wa pili, ila wateja wangu wengine wanamaanisha "bado hatujakubaliana", na mmoja peni ilikuwa inaisha wino. Kwa hiyo hizo ni dalili tu, swali nauliza palepale.

Kuna kijana wa Ujiji naye alituma mchoro wa biashara ya mawese. Miduara mitatu na hesabu: madumu 40 kwa 55,000 ni 2,200,000, anauza 68,000 inakuwa 2,720,000, akazungushia FAIDA 520,000 na pembeni alama ya kuuliza ndogooo. Ile alama ndo iliniambia huyu hataki kuchapiwa. Nikamuuliza, akajibu "niangalizie bro". Nikamwonyesha kitu kimoja tu, usafiri haumo. Aliniambia analipa 5,000 kwa dumu, kwa hiyo 200,000 inatoka na inabaki 320,000, na hapo hajalipa wabebaji wala ushuru. Ningeichapa ikapendeza, lile kosa lingependeza nalo, maana namba iliyochapwa watu hawaiulizi tena.

Swali lenyewe nalituma kwa sauti, siandiki. Watu wanaotuma picha bila neno wengi hawapendi kuchapa, ukiwaandikia aya nzima wanakujibu "sawa" na hujui sawa ipi. Sauti ya sekunde kumi, niichape, niiangalie, au ya ofisini, anajibu neno moja.

Wiki iliyopita mama wa Katonga katuma nyingine, bila neno kama kawaida yake. Mkutano mkuu uko juu safari hii. Mstari wa mhazini upo, mnene. Lakini boksi la katibu lilikuwa tupu. Nikamtumia sauti, mama hapa kwa katibu niandike nani?

"Liache wazi hivyohivyo mwanangu, tunachagua Jumapili."

Nikaliacha wazi, nikatoa kopi moja, laminesheni sikuweka.