Keki ya leya sita, jaribio la tatu: safari hii imefika Kimara bila kuinama

Kwa waliofuatilia, jaribio la kwanza liliinama kabla hata sijalipaka krimu ya nje, la pili likasimama vizuri jikoni alafu likaota tumbo usiku. Hili la tatu limetoka Tabata mpaka Kimara kwa bajaji na likafika wima, kwa hiyo naandika nilichobadilisha kabla sijasahau.

Keki yenyewe ni ya vanila, upana sentimita 20, leya sita, juisi nzito ya pasheni katikati, oda ya sendofu. Kwenye jaribio la kwanza nilikata vile vichwa vya keki kwa macho tu, nikaona mbona iko sawa. Haikuwa sawa. Leya moja upande mmoja ina sentimita 3 upande wa pili 2 na nusu, ukiipanga we unaona kitu kidogo, ila zikipangwa sita na zote zimelalia upande uleule, juu kabisa unapata mteremko wa kuteleza kabisa.

Shemeji yangu ni fundi ujenzi, alikuja kula akaiangalia akacheka, "Shem, hili jengo lako halijapigwa timazi." Wiki iliyofuata akaniletea pima maji yake ndogo. Kitu cha kwanza alichopima wala sio keki, ni meza. Yaani meza yangu ya jikoni miezi yote hiyo imeinamia upande wa sinki, na mi nilikuwa nailaumu oveni! Tukakunja boksi tukaweka chini ya mguu mmoja, maji yakakaa katikati, ndo tukaanza.

Kukata sasa. Keki zilipoa, nikazifunga plastiki zikalala friji usiku kucha, maana keki ya moto au hata ya uvuguvugu ukiikata inachanika na kumwaga makombo, ya baridi inakatika kama mkate wa jana. Shem akanikatia vipande viwili vya mbao vya unene wa sentimita 3, nikavivalisha foili. Keki inakaa katikati ya mbao mbili, kisu cha mkate kile kirefu chenye meno kinalala juu ya mbao zote mbili, unakata kwa kwenda na kurudi taratibu bila kukikandamiza, na kisu hakiwezi kupanda wala kushuka. Leya zote sita zikatoka sentimita 3. Nilipima kila moja sehemu nne kwa rula kwa sababu siku hizi siamini macho yangu.

Shira ndo ilikuwa kosa langu kubwa kwenye jaribio la pili na sikujua. Mi nimekulia kwenye kaimati, shira kwangu ni ile nzito ya kumwaga kwa upawa, basi na keki nikaimwagia hivohivo mpaka ikawa inang'aa. Tamu sana, ila leya ya chini ikawa laini kama uji na ndo hiyohiyo imebeba tano kichwani. Saivi natumia nyepesi, sukari gramu 200 na maji mililita 200, inachemka mpaka sukari iyeyuke tu alafu inapoa kabisa. Napima kwa kijiko ndo nachovya brashi, vijiko 3 vya mezani kwa leya, ya chini kabisa vijiko 2 tu kwa sababu ina kazi ya kubeba. Dalili kwamba umezidisha ni rahisi: bonyeza kwa kidole, keki iliyokunywa vya kutosha inarudi juu, iliyolewa inabaki na shimo na unyevu unachuruzika.

Kujaza. Pasheni ni kitu cha majimaji, ukiipaka peke yake leya ya juu inakuwa kama imepanda ndala kwenye sakafu yenye sabuni. Kwa hiyo kwanza napaka krimu nyembamba juu ya keki yote ili isinyonye, alafu kwenye ukingo nazungushia ukuta wa krimu ngumu wa milimita 7 hivi, pasheni inaingia ndani na inabaki chini kidogo ya ukuta, isiulingane. Krimu yangu nachanganya siagi nusu na mafuta ya mgando nusu, kwa sababu siagi tupu kwa joto letu la mchana la nyuzi 30 na zaidi haijengi ukuta, inatambaa. Wanaosema ladha inapungua hawajakosea, ila niliamua keki iliyosimama kwanza.

Baada ya leya tatu nasimama. Kimo kilikuwa sentimita 10.4. Nikachoma mirija minne minene katikati katikati, nikaikata ilingane na uso wa krimu, juu nikaweka bodi nyembamba ya sentimita 18, ndo leya tatu zingine zikajengwa juu ya bodi hiyo. Maana yake uzito wa juu unakaa kwenye mirija, sio kwenye keki ya chini. Bodi ni ndogo kuliko keki ili ukingo wake ufichwe na krimu. Leya ya mwisho kabisa naigeuza, upande uliokuwa chini kwenye sufuria ndo unakuwa juu kwa sababu uko sawa na hauna makombo.

Sasa lile tumbo. Krimu na keki zikipangwa zinabaki na hewa katikati, uzito unaishusha polepole, na ikishuka krimu inasukumwa nje. Mara ya pili nilipaka koti mara tu nilipomaliza kupanga, kwa hiyo keki ikashukia ndani ya koti, na koti likavimba mstari mzima kwenye maungio, na sehemu moja likatoa lengelenge. Safari hii nilifunga plastiki, nikaweka bodi juu na kipande cha marumaru, saa moja na nusu mezani wakati krimu bado laini, ndo ikaingia friji. Ilishuka karibu milimita 4, na krimu iliyochungulia pembeni nikaikwangua.

Ndo likaja koti la makombo, jembamba kiasi kwamba keki inaonekana kwa ndani. Krimu ya koti hili naitenga kwenye bakuli lake maana spachula inarudi na makombo kila mara, na ukichanganya utayaona kwenye koti la mwisho jeupe. Friji dakika 30. Ukigusa na kidole hakiondoki na kitu, basi iko tayari kwa koti la mwisho. Umeme ulikatika nikiwa dakika ya 20, nikaacha mlango wa friji umefungwa kama benki na nikasubiri saa nzima.

Njiani nilipakata boksi miguuni, dereva nilimwomba matuta ayapande kama amebeba mayai na kijana wa watu akasikia. Kufika, keki ikaanza kutoa jasho kwa sababu imetoka baridi ikakutana na hewa yetu nzito, mama mwenye oda akachukua tishu akitaka kuifuta, nikamwambia mama tafadhali usiiguse, itakauka yenyewe. Kwenye nusu saa ikakauka.

Nilipima tena kabla ya kuondoka, nilibeba pima maji kwenye mkoba. Maji yamekaa katikati. Shem ameshapiga simu mara mbili, Jumatatu ana ukuta wa kuinua na anakitaka kifaa chake.