Waya wa shaba, pini mbili na bikari

Kila muhula naanza somo hili kwa waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 2. Nauchoma kwenye moto wa gesi mpaka uwe mwekundu hafifu, nauzamisha majini, kisha namkabidhi mwanafunzi. Anaukunja kwa vidole viwili bila shida. Akijaribu kuunyoosha, pale palipokunjwa panagoma na waya unapinda pembeni. Huwa nawaambia kwamba ndani ya fuwele za shaba kuna mistari ya mitenguko, yaani mahali ambapo safu za atomu hazikukaa sawasawa, na kwamba metali hunyumbulika mistari hiyo inapoteleza, nayo huongezeka kadiri waya unavyokunjwa.

Mwaka mmoja kijana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, mstari ukiteleza si unafika ukingoni na kutoka nje? Basi waya ungepungukiwa mitenguko kadiri unavyokunjwa. Mbona unasema inaongezeka?"

Nilimjibu kwamba inazaliana, kengele ikaniokoa. Lakini inazaliana vipi? Fomula niliijua, picha sikuwa nayo.

Jioni nilianza kwa kuhakiki hoja yake kwa hesabu. Shaba iliyochomwa vizuri inaweza kuwa na mistari kama milioni moja inayokatiza kila sentimita mraba. Kila mstari ukivuka husogeza fuwele kwa hatua moja ya nanomita 0.256. Hata nikidhani kila mmoja unavuka waya wote, milimita 2 nzima, mnyumbuko wote unaopatikana ni nusu ya asilimia moja. Na bado waya huohuo ukivutwa kwenye tundu mpaka ubaki na milimita 1.4, urefu wake huongezeka maradufu. Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi: mistari ya mwanzo haitoshi hata kidogo.

Jibu lilitolewa mwaka 1950 na Charles Frank na Thornton Read, ambao kila mmoja alilifikia kivyake karibu wakati mmoja. Niliamua kulichora. Nilichoma pini mbili kwenye karatasi, umbali wa sentimita 6. Mstari ulionyooka kati yake ndio kipande cha mtenguko kilichonaswa ncha zote mbili, labda kwa sababu kinakutana na mitenguko mingine hapo. Mkazo ukikisukuma, kinatuna kama tanga lililopata upepo. Kwa bikari nikachora upinde wa nusu kipenyo cha sentimita 10, kisha 5, kisha 4, kisha 3. Nikajaribu 2, ikashindikana: hakuna upinde wa namna hiyo unaoweza kupita kwenye pini zote mbili.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kadiri upinde unavyobana ndivyo unavyodai mkazo mkubwa zaidi, na mbano wa juu kabisa ni ule wa nusu duara. Ukivuka hapo, upinde unaanza kupanuka, mkazo uleule unazidi unaohitajika, na mstari unakimbia wenyewe. Unazipita pini, mikono yake miwili inazunguka nyuma, inakutana na kufutana kwa kuwa inaelekeana kinyume. Pete nzima inaachiwa isafiri, na nyuma yake kipande kifupi kinabaki kati ya pini kama mwanzo, tayari kutoa pete nyingine.

Mkazo wa kuvuka kizingiti hicho ni τ = Gb/L, ambapo G ni ukakamavu wa shaba, b ile hatua ya nanomita 0.256, na L umbali kati ya pini. Pini zikiwa mbali kwa mikromita 10, inatosha megapaskali 1.2. Ndiyo maana vidole vinaweza.

Darasani nilikosea kitu kimoja: niliwaachia picha ya chemchemi isiyokauka. Kwa kweli pete nyingi hazitoki nje. Zinakwama kwenye mipaka ya fuwele, zinapangana foleni na kusukuma nyuma mpaka chanzo kinanyamaza, au zinasokotana na mitenguko ya bapa nyingine, yaani tabaka nyingine za atomu ambamo mistari huteleza. Tena si kila mtenguko mpya unatoka kwenye pini mbili za kudumu. Mara nyingi kipande kinahamia bapa jirani, kinarudi kwenye bapa sambamba na lile la kwanza, na kuanzisha chanzo kipya huko.

Shaba iliyofuliwa sana ikiwa baridi hufikia mistari kama bilioni 100 kwa sentimita mraba. Nafasi kati yake ni nanomita 30 hivi, na fomula ileile sasa inadai karibu megapaskali 400. Ukweli ni kama theluthi ya hiyo, kwani mtenguko haushikiliwi na wenzake kwa uthabiti wa pini.

Kijana aliitazama karatasi kwa muda. "Kwa hiyo pale palipokunjwa L imekuwa fupi?" Nikamwambia auchome tena ule waya, kisha aunyooshe. Ulinyooka.