Toleo la tano au la tatu? Nilivyoamua

Kozi ya takwimu ilitaka toleo la tano la kitabu chake cha kiada, nami nilikuwa nimepata la tatu kwa bei ya kutupa. Kabla ya kulipa nilikwenda maktaba, nikaliweka la tano mezani pamoja na picha za lile la zamani nilizoomba kwa muuzaji: yaliyomo, na mazoezi ya sura ya nne.

Yaliyomo yalikaribia kufanana. Kurasa zilisogea, lakini hilo halikunisumbua, kwani kichwa cha sehemu hukupeleka palepale. Balaa lilikuwa kwenye mazoezi. Swali la 14 lilikuwa limehamia namba 22, na la 9 lilibaki mahali pake ila data zake zimebadilishwa. Hili la pili ndilo baya zaidi: unakokotoa vizuri kabisa, halafu jibu linakataa.

Nikamuuliza mhadhiri kama mazoezi ya kitabuni yana alama. Akasema ndiyo, kila wiki, ila mitihani anatunga mwenyewe.

Basi nikanunua la tatu la kusomea, na kila wiki nikawa nanakili maswali tuliyopewa kutoka nakala ya maktaba. Kama kazi zingefanyiwa mtandaoni kwa msimbo unaokuja na kitabu kipya, ningenunua la tano.