Dyadya Wawili Katika Sentensi Moja

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi, kurasa sita tu, na msimulizi wake ni mtoto wa miaka kumi. Niliitafsiri kwa Kirusi nikampelekea mhariri, mama wa Kirusi asiyejua Kiswahili. Aliisoma kimya mpaka akafika kwenye sentensi hii: "Mjomba alikataa kupokea mahari mpaka baba mdogo na shangazi wafike." Hapo akaweka kalamu chini.

"Huyu dyadya anamsubiri dyadya yupi? Na mbona huyu wa pili kaja na mkewe?"

Mkewe! Nilikuwa nimeandika dyadya kwa mjomba, dyadya tena kwa baba mdogo, na tyotya kwa shangazi. Kwa Kirusi, dyadya ni kaka wa mama au wa baba, na tyotya ni dada wa yeyote kati yao. Basi Mrusi akikuta "dyadya na tyotya" wamefuatana, haraka haraka huwaona mtu na mkewe. Kumbe mimi nimewaozesha ndugu wa tumbo moja.

Nikajaribu "otets" mwenye sifa ya udogo. Akacheka: huyo ni baba mfupi wa kimo. Nikatoa maneno niliyoyaokota kwenye kamusi, vuy kwa kaka wa mama na striy kwa kaka wa baba. Nilijivunia sana ugunduzi huo. Akasema hayo ni Kirusi cha kale, msomaji wa leo angehitaji maelezo chini ya ukurasa, na mtoto wa miaka kumi hasemi hivyo.

Tukabaki na njia ya kueleza. "Dyadya po materi", yaani wa upande wa mama, ni sahihi kabisa, ila lina harufu ya karatasi za mirathi. Tulichokubaliana ni "mamin brat", kaka wa mama, kama mtoto anavyosema. Shangazi akawa "papina sestra", na baba mdogo "papin mladshiy brat", mdogo wake baba. Sentensi ilirefuka, lakini sasa kila mtu alikaa upande wake, na ikaonekana kwamba aliyekataa ni mtu wa upande wa mama.

Kwenye mazungumzo mbinu hiyo haikufaa. Hakuna anayeita "Kaka wa mama, karibu!" Hapo tuliacha dyadya pamoja na jina la mtu, maana dyadya peke yake watoto humwita mwanamume yeyote wa njiani. Upande tulikuwa tumeshautaja mapema kwenye simulizi.

Nilipokuwa nakusanya karatasi, akaniuliza Waswahili wanamwitaje shurin, yule kaka wa mke.

"Shemeji."

"Na dever, kaka wa mume?"

Nikakaa tena.