Nilivyopinga uteuzi wa mpwa wa mjumbe wa bodi katika kaunti yetu

Mimi ni afisa wa afya ya umma katika serikali ya kaunti moja nchini Kenya. Mwaka 2023 Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti yetu ilitangaza nafasi ya msimamizi wa afya ya umma wa kaunti ndogo. Tangazo lilitaka mambo matatu: shahada ya afya ya umma au ya afya ya mazingira, usajili katika baraza linalosimamia taaluma yetu, na angalau miaka mitatu katika cheo cha chini yake. Yote matatu ninayo, na wenzangu kadhaa waliohojiwa pamoja nami walikuwa nayo pia. Aliyepewa kazi ana shahada ya maendeleo ya jamii. Hakuwahi kukagua machinjio wala kuchukua sampuli ya maji ya kisima. Shangazi yake, ambaye ni mjumbe wa bodi, alikuwa amekaa mezani wakati wa mahojiano.

Niliumia sana, na si kwa sababu ya mshahara peke yake. Msimamizi huyo ndiye anayeamua kama hoteli ifungwe kipindupindu kinapozuka. Nikaenda kwa mwenyekiti wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi, mzee aliyeona mashauri mengi ya namna hii, nikiwa na barua ya kurasa nne iliyojaa neno "undugu".

Aliisoma yote, akavua miwani. "Kijana wangu, ukiandika kwamba ni mpwa wake, watakujibu kwamba mpwa naye ni Mkenya na ana haki ya kuomba kazi. Na hapo watakuwa wamesema kweli."

"Sasa mzee, tuwaache tu?"

"Sijasema muwaache. Onyesha alikosa nini kwenye tangazo, halafu onyesha shangazi alifanya nini kwenye kikao. Hayo mawili tu."

Ushauri huo ndio uliobeba shauri zima. Hakuna sheria Kenya inayomzuia ndugu wa mtumishi kuomba kazi ya umma. Kinachokatazwa ni mtumishi kumpendelea ndugu yake, au kushiriki katika uamuzi unaomhusu. Wakati ule iliyotumika ilikuwa Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003. Kifungu cha 17 kilikataza upendeleo wa kindugu waziwazi, na kifungu cha 12 kilimtaka mtumishi mwenye maslahi, yakiwemo ya jamaa yake, ayatangaze na ajiondoe katika mjadala. Juu ya hapo kuna Katiba, Ibara ya 232, inayosema uteuzi na upandishaji vyeo katika utumishi wa umma ujengwe juu ya ushindani wa haki na sifa za mtu.

Kwa hiyo nilihitaji ushahidi wa mambo mawili, na minong'ono ya ofisini haikuwa ushahidi. Kila mtu alijua ni mpwa wake, lakini hakuna aliyekuwa tayari kutia sahihi. Undugu niliupata kwenye tangazo la kifo. Bibi wa yule kijana alipofariki, familia ilitoa tangazo gazetini, na kama kawaida yetu likaorodhesha watoto, wakwe na wajukuu. Jina la mjumbe lilikuwa kati ya mabinti wa marehemu, na la kijana kati ya wajukuu. Nilitafuta gazeti lenyewe, nikatoa nakala ya ukurasa mzima pamoja na tarehe yake. Karatasi hiyo ilitosha, maana haikutoka kwa adui yao.

Upande wa sifa, niliandikia baraza la taaluma yetu nikauliza kama mtu mwenye jina hilo amesajiliwa. Tangu sheria ya maafisa wa afya ya umma ya mwaka 2013, huruhusiwi kufanya kazi hii bila usajili, na baraza ndilo linalotunza daftari. Lilinijibu kwa barua fupi kwamba jina hilo halimo.

Kilichobaki kilikuwa mikononi mwa bodi yenyewe: karatasi za alama na kumbukumbu za kikao. Hapo nilitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ombi halilipiwi; unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala tu. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na ikinyamaza hadi muda huo upite inahesabiwa kuwa imekataa. Sikuomba mafaili ya washindani wangu, kwa kuwa sheria hiyohiyo inalinda faragha zao na bodi ingepata kisingizio. Niliomba alama zangu, jedwali la alama za wote likiwa limefichwa majina, vigezo vilivyotumika kuunda orodha fupi, na sehemu ya kumbukumbu inayoonyesha kama kuna mjumbe aliyetangaza maslahi. Bodi ilikaa kimya. Ningeweza kwenda Tume ya Utekelezaji wa Haki, ambayo ndiyo inayopitia kukataliwa kwa namna hiyo, lakini nilikuwa naangalia saa nyingine.

Saa hiyo ni ya rufaa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 77, inamruhusu mtu yeyote aliyeathiriwa na uamuzi wa bodi ya kaunti kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, Nairobi. Inataja bayana mambo ya kuajiri, kuteua na sifa za kazi. Muda ni siku 90, nazo zinahesabiwa tangu siku ya uamuzi, wala si tangu siku uliyopata habari. Uamuzi ukiwa wa tarehe 12 Juni, siku yako ya mwisho ni tarehe 10 Septemba. Tume inaweza kupokea rufaa iliyochelewa ikiona sababu inatosha, lakini kulitegemea hilo ni kucheza kamari na haki yako. Niliwasilisha rufaa bila karatasi za bodi, nikaambatisha ombi langu la habari lenye muhuri wa kupokelewa, na nikaisihi Tume iziitishe yenyewe.

Wapo waliotaka nikimbilie Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi moja kwa moja. Hilo limeshawagharimu wengi. Mwaka 2017, katika shauri lililotoka Kaunti ya Wajir, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba anayelalamikia uamuzi wa bodi ya kaunti lazima apitie kwanza rufaa ya kifungu cha 77. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma, ya mwaka huohuo, inasema vivyo hivyo. Ukianzia mahakamani, kesi inaweza kutupwa kabla hata ya kusikilizwa, na zile siku 90 zikawa zimeisha ukiwa bado unamlipa wakili.

Barua yangu ya mwisho ilikuwa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulieleza tangazo lilitaka nini na aliyeteuliwa alikosa nini, nikiambatisha tangazo na barua ya baraza. Wa pili ulieleza undugu na ukweli kwamba mjumbe alikuwepo kwenye mahojiano, jambo ambalo sote tuliohojiwa tuliliona kwa macho. Mwisho niliomba uteuzi ubatilishwe na mahojiano yarudiwe bila mjumbe huyo. Sikuomba nipewe kazi mimi. Kuthibitisha kwamba mwenzako hakustahili hakuthibitishi kwamba katika wote waliobaki wewe ndiye wa kwanza.

Bodi ilipotakiwa na Tume kujibu, haikukana undugu. Ilidai kijana anatoka katika jamii ndogo ya kaunti yetu na kwamba ilizingatia sheria ya usawa. Hoja hiyo inahitaji kujibiwa kwa utulivu, kwa sababu usawa wa jamii ni jambo la haki na mimi naliunga mkono. Lakini kanuni ya asilimia 30 kwa wasiotoka jamii kubwa ya kaunti, iliyo katika kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, inahusu nafasi za kuanzia kazi. Nafasi yetu ilikuwa ya cheo cha juu, yenye sharti la miaka mitatu ya utumishi. Tena hakuna usawa unaoondoa sharti la usajili. Karatasi za alama nazo zilipotolewa, zilionyesha kwamba mjumbe yule alimpa mpwa wake alama za juu kuliko wote, na kumbukumbu za kikao hazikuwa na tamko lolote la maslahi.

Tume ilibatilisha uteuzi na kuiagiza bodi irudie mahojiano bila mjumbe huyo. Haikumwadhibu shangazi, hiyo si kazi yake katika rufaa kama hii. Suala la mwenendo wake tulilipeleka Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na kule mambo huenda polepole. Baada ya mahojiano ya pili kazi ilikwenda kwa mwenzangu aliyenizidi miaka ya utumishi. Nilimpa mkono, na sina kinyongo.

Kisasi kilinifikia pia. Kabla hata ya uamuzi nilipewa uhamisho kwenda kituo cha mbali, bila maelezo. Sikugoma, kwa sababu kutoripoti kituoni ni kosa la kinidhamu ambalo wangelishangilia. Niliripoti, kisha nikaomba sababu kwa maandishi chini ya Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015, nikapeleka nakala kwa Tume ili iingie kwenye faili la rufaa. Uhamisho ulifutwa kimyakimya.

Dada yangu anafanya kazi katika kampuni binafsi, na aliponiuliza kama njia hii ingemsaidia, nilimwambia hapana. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza ubaguzi wa kabila, jinsia, dini, ulemavu na mengineyo, lakini undugu haumo. Mwenye kampuni akimpa mwanawe umeneja, afisa wa kazi wa serikali hana pa kumshikia, labda ionekane kwamba wa kabila fulani wote wanarukwa. Huko silaha ni sera ya kampuni yenyewe kuhusu kuajiri jamaa, kama ipo, na mkataba wa pamoja wa chama cha wafanyakazi, kama unaeleza utaratibu wa kupandisha vyeo. Anza kwa kuomba nakala za hivyo viwili.

Kwa walio serikalini, vifungu vya 12 na 17 nilivyovitaja havipo tena. Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyotiwa saini Julai 2025, ilifuta ile ya 2003, na wajibu wa kutangaza maslahi na kujiondoa sasa unasomwa humo. Rufaa ya kifungu cha 77 na siku zake 90 iko palepale.