Wiki nne za kuzima matangazo

Wakati ule nilikuwa nasimamia matangazo ya duka la mtandaoni, na kila Jumatatu dashibodi ilinipa furaha. Matangazo ya kuwakumbusha watu, yale yanayomfuata mtu aliyeingia dukani kwetu akaondoka bila kununua, ndiyo yaliyoongoza siku zote. Mtandao wa kijamii ulijihesabia kila oda ya mtu aliyebofya tangazo ndani ya siku 7, na hata ya aliyeliona tu ndani ya siku 1.

Siku moja mwenzetu wa fedha akasimama nyuma ya kiti changu, akatazama namba zangu, akaniuliza, "Dada, huyu ameshaweka bidhaa kwenye kikapu. Asingeliona tangazo lako, asingenunua?"

Nilikasirika, kwa sababu sikuwa na jibu.

Tukakubaliana kuyazima matangazo hayo katika nusu ya mikoa tuliyokuwa tukiuza, tuone mauzo yatafanya nini. Mikoa ilikuwa 20. Nilichukua oda za kila wiki za mwaka mzima, nikaipanga jozi jozi: mikoa miwili iliyokuwa ikipanda na kushuka pamoja ikawa jozi moja. Kisha tukarusha sarafu kuamua upi uzimwe. Meneja wa mauzo alitaka tuzime ile dhaifu tu, "tusipoteze pesa". Nikamgomea. Ukizima mikoa dhaifu, mwishoni hujui kama imeuza kidogo kwa kukosa tangazo au kwa udhaifu wake wa kila siku.

Jaribio la kwanza nililiharibu mwenyewe. Niliiondoa mikoa 10 kwenye kampeni, bajeti nikaiacha vilevile. Siku ya tano nikaona wastani wa mara ambazo mtu mmoja analiona tangazo umetoka 3 na unakaribia 6. Pesa za mikoa iliyozimwa zilikuwa zimehamia kwa iliyobaki! Hapo nilikuwa napima tangazo la dozi mbili, tena dhidi ya kutokuwa na tangazo kabisa. Nikasimamisha kila kitu, tukasubiri wiki mbili ili athari ipoe, tukaanza upya na bajeti iliyokatwa nusu.

Safari hii tulikwenda wiki nne bila kugusa kitu. Hakuna punguzo la bei katika mkoa mmoja mmoja, hakuna kampeni mpya. Oda nilizihesabu kwenye mfumo wetu wenyewe, kwa anwani ya kupelekewa mzigo, maana dashibodi ya mtandao ndiyo hasa iliyokuwa inashitakiwa. Wapo waliovuka mpaka wa mkoa wakaliona tangazo kule, na hao huifanya tofauti ionekane ndogo kidogo kuliko ilivyo. Kwa mikoa yetu mikubwa hawakuwa wengi wa kunitia hofu.

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Kabla ya jaribio, kila mikoa iliyozimwa ilipouza oda 48, ile mingine iliuza 50. Katika wiki zile nne iliyozimwa iliuza oda 4,704. Kwa uwiano uleule, mingine ingetakiwa kuuza 4,900 hata bila matangazo. Iliuza 5,030. Nyongeza: oda 130.

Mtandao ulikuwa umejiandikia oda 910.

Niliirudia hesabu mara tatu. Halafu nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kuanza: nikachukua vipindi vya wiki nne vya mwaka uliopita, wakati hakuna kilichozimwa, nikahesabu vivyo hivyo. Tofauti ilicheza hadi oda 100 juu au chini bila sababu yoyote. Kwa hiyo 130 yangu ingeweza kuwa 30, au ikawa 230. Kwa kujua faida ndogo ndogo, jaribio letu lilikuwa butu. Tungehitaji wiki zaidi. Lakini hata hiyo 230 ni kama robo tu ya 910.

"Sasa hao wengine ni akina nani?" meneja akauliza.

Nikamfungulia oda moja kutoka mkoa uliozimwa. Jumatatu usiku mteja ameweka viatu kwenye kikapu, akaondoka. Jumanne asubuhi ameandika jina la duka letu mwenyewe, ameingia, amelipa. Hakuna tangazo lililomgusa. Angekuwa mkoa wa pili, usiku ule tungemfuata na picha ya viatu vilevile, na asubuhi dashibodi ingeandika: oda moja, kazi ya tangazo.

Meneja akaitazama ile oda kwa muda. Kisha akasema tukate bajeti ya matangazo hayo kwa theluthi mbili, na mwezi unaofuata tuyaweke kwenye jaribio lilelile yale ya kuwatafuta watu wasiotujua, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa naomba kila wiki yafutwe.