Deni ya mbao

Mwisho wa Agosti 2020 meseji ya badei ya beste yangu ilikuwa tayari kwa simu yangu, nimeiandika mapema kabisa na nikaisoma tena na tena nikijicheka peke yangu. Yeye amezaliwa tarehe 1 Septemba. Meseji ilisema hivi: "Mdaiwa, kufuatia agizo la serikali matatu ya abiria 14 sasa inabeba 8. Deni yako imekaa kiti kimoja tangu 2004, sasa lazima ilipie viti viwili. Ukiileta vaa barakoa. Hepi badei, mdaiwa."

Hiyo deni ni ya mbao, shilingi ishirini tu. Februari 2004 tukiwa fomu tatu ndio sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilianza, kila matatu iwe na mikanda, iwe na spidi gavana ya 80 na ule mstari wa njano, na gari nyingi hazikuwa zimewekwa kwa hivyo hazikutoka, na hizo chache zilizotoka zikapandisha nauli. Tulikuwa Buruburu kwa steji na pesa ya nauli ya jana mfukoni, yeye akapungukiwa na mbao nikamwongezea. Ni hayo tu. Septemba ilipofika nikamwandikia kwa karatasi ya daftari barua ya kudai, nikamalizia na hepi badei, mdaiwa. Alicheka mpaka akaibandika ndani ya kifuniko cha dawati. Kutoka hapo haijawahi kukosa mwaka, karatasi ikawa meseji, meseji ikawa wasap.

Watu huniuliza hatuchoki aje, na mimi huwaambia ukweli, tungekuwa tumechoka kitambo kama ingekuwa inarudi ile ile. Kuna vitu viwili haviguswi, kiasi na mstari wa mwisho. Kiasi hakipandi. Kuna wakati yeye mwenyewe alijaribu kunipigia riba ya miaka yote hiyo, ikatoka meseji ndefu imejaa hesabu, tukaangaliana tu juu ukianza kukokotoa unawacha kucheka. Na deni hailipwi, kuna mwaka alinitumia mbao kwa M-Pesa nikairudisha saa hiyo hiyo, deni ikilipwa tutadai nini tena? Hayo mengine yote lazima yawe ya mwaka huo. Mimi huwa najiuliza, hii meseji ningeweza kuituma mwaka jana? Kama jibu ni ndio, nafuta naanza upya.

2017 badei yake iliangukia ile Ijumaa Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais. Nilikuwa na meseji nyingine kabisa, sijaituma, nikaitupa na mchana nikamwandikia kwamba yale malipo anayodai alifanya yamefutwa kwa kukosa uwazi na zoezi lirudiwe ndani ya siku 60. Mwaka huo mji mzima ulikuwa na wasiwasi, na bado alinipigia akicheka. 2019 noti za zamani za elfu moja zilikuwa zinaisha nguvu 30 Septemba, nikamwambia asiniletee elfu moja ya zamani akidai nimpe chenji, nataka ile sarafu mpya ya ndovu. Ukisoma hizo meseji zikifuatana unakumbuka Nairobi ya kila mwaka ilikuwaje, na hiyo kwangu ni mali.

Sasa ya 2020. Siku mbili kabla ya badei nikapigiwa na namba nisiyoijua. Dada mpole sana, akaniuliza kama namjua fulani, akataja jina la beste yangu lote, akasema ana mkopo wa simu amechelewesha na nimwambie alipe haraka. Wale walikuwa wanachukua kontakti zako zote wanapigia mpaka mwalimu wako wa zamani. Mimi nilijua hoteli alikokuwa anafanya ilifungwa tangu Machi, lakini alikuwa ananiambia mambo ni sawa, anasukuma. Nikakata simu nikafungua ile meseji yangu. Mdaiwa. Deni yako. Ilipie viti viwili. Kila neno lililokuwa tamu jana sasa lilikuwa linafanana na zile meseji anapokea asubuhi mpaka jioni.

Nilikaa nayo usiku huo. Kunyamaza haingewezekana, miaka kumi na sita haijakosa, angejua saa hiyo hiyo kuna kitu nimesikia. Kumwandikia hepi badei ya kawaida, Mungu akubariki, ni mbaya zaidi juu hiyo ni meseji ya mtu anakuhurumia. Kuna ile nyingine ilinijia ikanivutia sana, nimwambie deni imesamehewa. Nikaikataa. Kumsamehe mtu mbao ya utani wakati anadaiwa ya ukweli ni kumkalia juu, na ingekuwa mwisho wa kitu chetu, tena mwisho unaoitwa corona. Nikaona kile kinaumiza sio utani wenyewe, ni upande alioko. Yeye ndio mdaiwa kila mwaka. Basi nibadilishe upande.

Lakini hapo lazima kuwe na ukweli. Ningetunga deni ya uongo angeninusa mbali, tumejuana sana. Kwa hivyo nilirudi kwa ile wiki ya mikanda kichwani, siku moja moja, mpaka nikaipata. Ijumaa ya hiyo wiki tulitembea kwa miguu kurudi nyumbani juu nauli ilikuwa imekataa, na njiani yeye ndio alininunulia mandazi na chai kwa mama mmoja aliyekuwa na jiko kando ya barabara. Sikuwahi kumrudishia. Hiyo kitu ilifanyika kabisa.

Asubuhi ya tarehe 1 nikatuma: "Kwa sababu ya kafyu niko nyumbani kila siku kabla ya saa tatu usiku, nimepata wakati wa kukagua vitabu vya 2004. Ukaguzi umepata mandazi mbili na chai moja ulizonilipia wiki ya Michuki, hazijawahi kurudishwa. Naomba unipe muda, biashara ni mbaya. Hepi badei, mdai wangu."

Mstari wa mwisho ulikuwa haujawahi kuguswa. Niliugusa nikijua.

Tiki mbili za bluu, kimya, karibu saa nzima. Alafu: "Zilikuwa tatu." Alafu: "Na chai ilikuwa ya maziwa usinibebe ujinga." Alafu akapiga simu, tukabishana juu ya mandazi kama watu wako kortini, na katikati ya hayo maneno akanyamaza kidogo akaniambia mwenyewe juu ya mikopo, ziko ngapi, nani anampigia, mke wake amepigiwa. Sikumwambia nilikuwa nimepigiwa pia. Wiki iliyofuata nilimtumia pesa ya maana, bila mzaha wowote ndani, bila neno mdaiwa, na alipopata kazi alinirudishia yote. Hiyo hatujawahi kuitania mpaka leo na hatutawahi.

Badei yangu ni Februari. Kabla ya hapo alikuwa ananitumia tu maombi ya kuongezewa muda, lakini 2021 ikaingia hii: "Shule zimefunguliwa Januari na mihula imefupishwa, muda wako wa kulipa pia umefupishwa. Mandazi tatu, chai moja ya maziwa. Hepi badei, mdaiwa." Nikamjibu tukate mbao yangu kwa hayo mandazi tumalizane. Akakataa katakata, akasema hizo ni faili mbili tofauti na kila moja ina mwezi wake.